Kahawa ya kuosha na kahawa ya kuanika: ya barazani na ya kikombeni

Nakaanga kahawa Mji Mkongwe, chumba kimoja nyuma ya duka, na wateja wangu ni wa aina mbili: wauza kahawa wa madele, na mikahawa ya pwani inayohudumia wageni. Wote wananiuliza swali lile lile, hii ni ya kuosha au ya kuanika, na wote wanakuja na jibu lao mfukoni. Siwalaumu. Kahawa tunayokunywa visiwani inavuka bahari kutoka Bara ikiwa imeshakobolewa, kwa hiyo wengi wetu tumeikuta punje, hatukuliona tunda. Anayeijua karafuu tangu mtini hadi juani hawezi kudanganywa kuhusu karafuu. Kwenye kahawa tunadanganyana wenyewe.

"Ya kuosha ni safi, ya kuanika ni chafu"

Jina ndilo linalotupoteza. Mtu akisikia "kuosha" anafikiria mchele, maji yanatoka meusi na uchafu unakwenda nao. Kinachooshwa kwenye kahawa si uchafu, ni ulenda.

Tunda la kahawa lina ganda la nje jekundu, chini yake ulenda mtamu unaonata, kisha ngozi ngumu, na ndani ya ngozi ndiyo mna punje, mara nyingi mbili. Kwa njia ya maji, matunda mabivu yanamenywa siku ile ile ya kuchumwa. Mashine inatoa ganda la nje, lakini ulenda haubanduki kwa mashine ya kawaida, umeshikamana na ngozi. Basi kahawa inavundikwa kwenye tangi kiasi cha saa 12 hadi 48, muda mrefu zaidi pakiwa na baridi, mpaka vijidudu vilegeze ule ulenda. Mvundikaji hatazami saa peke yake. Anachota konzi na kusugua; ikiteleza bado, ikikwaruza kama changarawe iko tayari. Hapo ndipo inapooshwa, ikaanikwa juu ya vichanja siku kumi hadi kumi na nne ndani ya ngozi yake ngumu, na mwisho ikakobolewa.

Kwa njia kavu hakuna kumenya wala tangi. Tunda zima linaanikwa, kwa tabaka jembamba, linageuzwa mara kadhaa kwa siku na kufunikwa usiku. Inachukua wiki tatu hadi nne. Ukilitikisa likalia kokwa ndani, limekaribia. Kule Kagera huiita kahawa ya maganda, na inakobolewa ikiwa imekauka.

Usafi hauamuliwi na njia. Kahawa iliyoanikwa chini kwenye udongo ina ladha ya udongo, na iliyorundikwa nene ikaota ukungu ina ladha ya gunia bovu. Lakini na tangi lisilosafishwa nalo linaharibu: punje chache za jana zikisahaulika pembeni zikavunda kupita kiasi, moja tu kati ya hizo inatosha kunukisha birika zima. Nimeshaipata. Harufu yake ni ya samaki wa juzi.

"Ya kuanika ni chungu na nzito, ya kuosha ni laini"

Hii ndiyo inayowagharimu watu fedha, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kahawa ya Bara inayofika kwetu ni ya makabila mawili makubwa. Kagera inatoa zaidi robusta, na robusta ile kwa kawaida ni ya kuanika. Kilimanjaro, Mbeya, Songwe na Mbinga zinatoa arabika, na arabika ile kwa kawaida ni ya kuosha. Mnunuzi akionja ya kuanika huwa ameonja robusta, akionja ya kuosha huwa ameonja arabika, halafu tofauti yote anaitupia njia. Ni sawa na kumlinganisha mtoto wa Mkoani na mtoto wa Mjini ukasema tofauti yao imetokana na viatu.

Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, na uchungu uko ndani yake hata ukiiosha mara saba. Jirani zetu Uganda wanayo robusta ya kuosha. Ni nyororo zaidi, lakini bado ni robusta. Upande wa pili, kahawa ya Yemen na ya Harar kule Uhabeshi ni arabika za kuanika tangu zama na zama, na hakuna anayezinywa akalalamikia uchungu.

Mwaka uliopita Ami mmoja, muuza kahawa wa miaka mingi, alinishikilia hapo hapo dukani. "Mwanangu, ya kuanika naijua, nimeipika kabla hujazaliwa."

"Sawa, Ami," nikamwambia, "lakini naomba uonje tatu bila kuambiwa."

Nilikuwa na arabika mbili za Mbozi, za mavuno ya msimu mmoja na shamba moja, moja imeoshwa na moja imeanikwa na tunda lake. Ya tatu ilikuwa robusta ya kuanika ya Kagera. Zote nilizikaanga rangi ya mdalasini uliokolea, si nyeusi. Gramu 11 za kila moja kwenye bilauri, unga wa chengachenga, maji mililita 200 yaliyochemka na kutulia kidogo. Dakika nne, nikavunja utando wa juu kwa kijiko, nikauondoa, tukangoja ipoe. Kahawa ya moto inaunguza ulimi na kuficha mambo. Ikiwa vuguvugu ndiyo inasema.

Ya kuosha aliionja akakunja uso kidogo: "Hii ina chungwa." Nyepesi mdomoni, uchachu unatangulia, kisha inaondoka bila kuacha kitu. Ya kuanika ya Mbozi akairudia mara mbili. Ilikuwa nzito zaidi, uchachu umelala, na nyuma yake utamu wa tende na embe lililoiva mpaka linakaribia kuchacha. Ya tatu hakuhitaji kuuliza. "Hii ndiyo yangu, ya dele." Nilipomwambia kuwa ya pili na ya tatu zote ni za kuanika, alikaa kimya, akaomba kijiko tena.

Kwa hiyo tofauti inayotoka kwenye njia yenyewe ndiyo ile aliyoikuta kati ya bilauri ya kwanza na ya pili: uchachu wazi na wepesi upande huu, uzito na utamu wa matunda upande ule. Uchungu haukuwemo katika hesabu hiyo. Uchungu ni wa kabila la kahawa na wa moto wa kikaangio. Ukikaanga mpaka ing'ae mafuta, njia zote mbili zinakuwa moshi mmoja, na ukiongeza tangawizi na iliki ukaichemsha kwenye dele kutwa, aliyekuuzia arabika ya kuosha kwa bei kubwa amekuibia kwa hiari yako.

Kama huna muda wa kuonja, tazama mfereji wa katikati ya punje iliyokaangwa rangi ya wastani. Ya kuosha, kigozi kilichobaki mferejini kinakuwa cheupe au cha rangi ya majani makavu. Ya kuanika kinakuwa cha kahawia, kinakaribia kupotea ndani ya rangi ya punje. Dalili hii inakufa kwenye kahawa iliyokaangwa nyeusi.

"Punje inafyonza sukari ya tunda"

Inaingia akilini, na mimi mwenyewe niliisema miaka. Jambo lenyewe ni la ajabu zaidi. Punje ni mbegu iliyo hai. Ukiimenya na kuiloweka unaiamsha, inaanza kujiandaa kuota, na katika kazi hiyo inatumia sukari zake ndogo ndogo, glukosi na fruktosi. Vipimo vya maabara vinazikuta kidogo kwenye ya kuosha na nyingi kwenye ya kuanika. Kwa hiyo ya kuanika haikuongezewa. Ile nyingine imekula akiba yake. Harufu za matunda nazo zinatokana na mchachuko unaoendelea polepole ndani ya tunda wakati linakauka, na ndiyo sababu ya kuanika hutofautiana sana gunia na gunia. Mkulima hodari anapata tende, mvivu anapata siki.

Hapo hapo nimjibu yule anayedhani ladha ya matunda imetiwa kwa chupa. Zipo kahawa zinazotiwa, lakini harufu ya chupa inapanda nzito ukifungua mfuko na inabaki vile vile kikombe kikipoa. Ile ya tunda inabadilika kila unapokunywa.

"Chachu maana yake imeharibika"

Mkahawa mmoja wa pwani ulinirudishia kilo kumi za kuosha kwa sababu wageni walisema "haina kitu, haina uchachu", na wiki hiyo hiyo mteja wa Ng'ambo akanirudishia kilo mbili za gunia lile lile kwa kuwa "imechacha". Wote walikuwa na haki kidogo.

Uchachu mzuri ni wa chungwa au ndimu: unafanya mate yajae, kisha unapita. Ulioharibika unakwaruza kooni, una harufu ya siki au vitunguu vilivyooza, na unazidi kikombe kinavyopoa. Yule wa Ng'ambo alikuwa hajauzoea tu.

Wa pwani tatizo lake lilikuwa maji. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya chokaa, na chokaa hiyo inaua uchachu kama vile inavyoua wa ndimu. Angalia magamba meupe ndani ya birika lako. Nilimpelekea madumu mawili ya maji laini, akapika tena, akanipigia simu kuomba zile kilo kumi zirudi. Mnunuzi aliye na maji magumu na hana chujio angefanya vyema kuchukua ya kuanika, kwa sababu uzito na utamu wake havitegemei uchachu.

"Mbichi haiharibiki, iweke popote"

Kahawa inauzwa ikiwa na unyevu wa asilimia 11 au 12, na hewa yetu, hasa masika, inaurudisha. Punje ikishavuta unyevu inafifia rangi, ladha yake inakuwa ya karatasi, na ya kuosha ndiyo inayoonyesha mapema kwa kuwa haina uzito wa kujifichia. Inavuta na harufu pia. Niliwahi kuweka gunia la Mbozi ya kuosha ghala moja na magunia ya karafuu ya jamaa yangu, miezi miwili tu. Nilipoikaanga, mteja wa hoteli alinisifu kwa "ladha ya viungo ya njia mpya". Sikuwa na uso wa kuipokea sifa hiyo, nikamwambia ukweli, akakataa kununua. Gunia lile nilimuuzia Ami kwa hasara. Alirudi Ijumaa iliyofuata na mfuko mtupu, akiuliza kama iko nyingine.