Yule binti hakuishiwa damu: kinachofanya mtu azirai akitoa damu

Juzi tulikuwa kwenye siku ya afya ya chuo kimoja hapa Moshi, vitanda vinne chini ya hema, na mambo yalikuwa yanaenda vizuri tu mpaka kwenye saa tano na nusu asubuhi, binti mmoja wa mwaka wa pili akazirai mbele ya foleni nzima. Alishamaliza kutoa, sindano imeshatolewa, pamba na plasta viko mkononi, nesi kamwambia apumzike kwanza, yeye akakaa kama dakika mbili akainuka haraka awahi kupiga picha na wenzake. Hatua ya nne au ya tano miguu ikalegea, rafiki yake akamdaka, na alivyolazwa chini mikono ikajikunja ikarukaruka sekunde chache.

Mimi nilikuwa meza ya kupimia wingi wa damu kwa hiyo foleni nilikuwa naisikia vizuri. Mmoja akasema "si mnaona, wamemkamua damu yote." Dada mwingine akasema hayo ni mapepo, akaanza kuomba. Baada ya robo saa foleni ya watu kama thelathini ilibaki na kumi na moja. Siwalaumu, ukimuona mwenzako anaanguka mbele yako lazima uogope, ila nataka muelewe kilichotokea kwenye mwili wa yule binti maana tulimpima pale pale na vipimo vyake vinajieleza.

Tuanze na hilo la kukamuliwa. Ule mfuko wa damu unatoka kiwandani ukiwa na dawa ndani, maji fulani ya kuzuia damu isigande na ya kuilisha, na kwenye mfuko tunaotumia sana dawa hiyo ni mililita 63, imepimwa kwa ajili ya mililita 450 za damu. Tukizidisha, dawa haitoshi, damu inaanza kuganda mle mle ndani na mfuko unatupwa, tukichukua damu kidogo sana dawa inakuwa nyingi mno kwa damu hiyo na napo hatuwezi kumpa mgonjwa hivi hivi tu. Ndio maana mfuko unakaa kwenye mizani muda wote damu inaposhuka. Hata mtu angekuwa na nia mbaya kiasi gani, damu ya ziada haina pa kwenda. (Na sindano imeungana na mfuko tangu kiwandani, ni ya mtu mmoja, ikishatumika inaingia kwenye boksi la sindano, kwa hiyo hakuna namna ya kupata ugonjwa wa aliyekutangulia.)

Sasa mililita 450 kwa yule binti ni nyingi kiasi gani? Alikuwa na kilo 52. Mwanamke mzima ana damu kama mililita 65 kwa kila kilo, kwa hiyo yeye anabeba kama lita 3.4 hivi, na alichotoa ni kama asilimia 13. Kaka wa kilo 80 akitoa mfuko ule ule anakuwa ametoa asilimia 8 tu. Hapo ndipo unapoona kwa nini tunang'ang'ania kilo 50, na naomba wale mnaopanda kwenye mzani na simu, funguo na pawabenki mfukoni ili mfike hamsini muache, maana mzani utadanganyika ila mishipa yako haitadanganyika. Asilimia 13 mtu mwenye afya anaimudu, lakini ndio kama ukingoni, halafu ukiongeza na mambo mengine ndio unafika alipofika yeye.

Na hayo mambo mengine alinieleza mwenyewe baadaye. Asubuhi alikunywa chai kavu saa moja, basi. Alisimama juani karibu saa nzima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa, na alipokuwa kitandani alikuwa anautazama mfuko unavyojaa na roho inamdunda.

Sasa sikilizeni vipimo. Nesi alipomshika mkono pale chini mapigo ya moyo yalikuwa 46 kwa dakika, presha 80 kwa 45. Hiyo 46 ndiyo inayosema kila kitu. Mtu anayeishiwa damu, tuseme kapata ajali ya boda au mama anatokwa damu baada ya kujifungua, kwa kawaida moyo wake unakimbia, unafika 120 na zaidi, kwa sababu damu ni kidogo na moyo unajaribu kuizungusha haraka haraka ifike kila mahali. Wa yule binti ulikuwa umepunguza mwendo. Kwa hiyo damu mwilini ilikuwepo, ila ilikuwa imekaa mahali pasipotakiwa.

Ilikuwaje? Kuna mshipa wa fahamu mrefu unaotoka kwenye ubongo unapita shingoni unafika kwenye moyo mpaka tumboni, kazi yake mojawapo ni kuutuliza moyo. Mtu akiwa na hofu kubwa, au akiona damu, au damu inayorudi kwenye moyo ikipungua ghafla, huo mshipa wakati mwingine unajibu kupita kiasi, unaupunguzia moyo kasi na wakati huo huo mishipa ya damu ya miguuni na tumboni inalegea na kutanuka. Ukiwa umesimama damu inashuka kwenye miguu kama maji kwenye mpira ulioning'inia, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa sekunde kadhaa, unazima. Ukianguka chini ukawa umelala damu inarudi kichwani yenyewe na unazinduka, yaani kule kuanguka kwenyewe ndio kunakorudisha damu kichwani, hatari ni pale unapogonga kichwa kwenye ngazi au kwenye kona ya benchi. Na ile mikono kurukaruka ni ubongo uliokosa hewa safi kidogo, inatokea sana, inaisha kwa sekunde chache, haina uhusiano na kifafa wala mapepo.

Kwa hiyo tiba ni ndogo. Tulimlaza chali kwenye kivuli, tukainua miguu yake juu ya kiti, tukalegeza mkanda wa sketi, kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, watu wakasogezwa apate hewa. Chini ya dakika moja akafungua macho akauliza "nimefanyaje?" Baada ya dakika kumi mapigo yalikuwa 70, presha 106 kwa 68, na hakuongezewa damu wala dripu, alilala tu kisha akanywa maji na juisi taratibu. Kama angekuwa amekamuliwa damu yote kama walivyosema, kuinua miguu kusingemrudisha. Kitu ambacho hampaswi kufanya kabisa ni kumuinua mwenzenu mumkalishe au mumsimamishe "apate nguvu", wenzake walitaka kufanya hivyo, mnampunguzia damu kichwani anazima tena. Ila mtu asipozinduka ndani ya dakika moja au mbili, au akikakamaa muda mrefu, au akasema kifua kinabana, hiyo haihesabiwi tena kama kuzirai kwa kawaida, daktari aitwe hapo hapo.

Mwili huwa unatoa taarifa kabla. Unaanza kupiga miayo bila usingizi, jasho jembamba la baridi, midomo inapauka, kichefuchefu, masikio yanavuma, macho yanaona giza pembeni. Yule binti alisikia masikio yanavuma akiwa bado kwenye kiti cha kupumzikia, akaona aibu kusema. Ndugu zangu semeni, mkisikia chochote kati ya hivyo laleni popote mlipo hata kama ni kwenye nyasi, nesi atakuja. Kuna wanaozirai baadaye kabisa, nusu saa au saa moja, chooni au nyuma ya bodaboda, na huko nyuma ya boda ndio kunanitisha mimi kuliko kote, kwa hiyo kaeni dakika kumi na tano zetu zote, msihesabu mbili mkaondoka.

Kuzuia kwenyewe kunasaidia kweli na hakuhitaji hela nyingi. Kula chakula cha kweli, bakuli la mtori au uji na kitafunwa au chapati maharage, saa mbili tatu kabla. Kunywa nusu lita ya maji ndani ya nusu saa kabla ya sindano, hii watu wanaidharau ila maji yanajaza mishipa na presha inashikilia. Ukiwa kitandani pishanisha miguu, mmoja juu ya mwenzake, bana misuli ya mapaja na makalio kwa sekunde tano, achia, rudia, misuli inasukuma damu irudi juu. Angalia pembeni, piga stori na nesi, mfuko usiutazame. Ukimaliza kaa kwanza miguu ikining'inia ndipo usimame.

Kaka mmoja kati ya wale kumi na moja waliobaki aliniuliza, "shikamoo dokta, sasa hiyo damu inarudi lini, maana Jumamosi tunapanda mlimani?" Nikamwambia maji ya damu yanarudi ndani ya siku moja au mbili ukinywa vizuri, lakini chembe nyekundu zinazobeba hewa zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa na zinachukua wiki nne mpaka nane. Rozela mnayoambiwa inaongeza damu siku hiyo hiyo inakupa maji na sukari, kunywa tu ni nzuri, ila chembe haitengenezi kwa jioni moja. Kilichotoka na ule mfuko ni madini ya chuma kama miligramu 225 mpaka 250 na hayo yanarudi polepole kwa nyama, dagaa, maharage, mchicha na chungwa pembeni, na chai isogeze mbali na chakula maana inazuia chuma kuingia. Ndio sababu wanaume wanasubiri miezi mitatu na wanawake minne, dada zetu wanapoteza chuma kila mwezi kwenye hedhi. Na mlima, nikamwambia achague, kule juu hewa nyepesi na chembe zimepungua utapumua kwa shida, ama atoe leo asipande au apande kwanza aje atoe akirudi. Akasema ameshalipia. Basi nikamwandikia tarehe ya wiki ijayo aje Moshi mjini kwenye kituo chetu.

Yule binti alivyokuwa anaondoka, saa saba mchana, rafiki yake kamshika mkono, aliuliza kama damu yake itatupwa kwa sababu amezirai. Haitupwi. Mfuko ulikuwa umejaa sawasawa, ukapelekwa kupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende kama mingine yote, na ikiwa salama inakaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 6, siku 35. Akauliza tena kama ataruhusiwa kurudi. Nikamwambia ataruhusiwa, ila akija aseme mapema kwamba alizirai mara ya kwanza, tutamweka kitanda cha kivulini, na hatutamwachia ainuke mpaka nesi mwenyewe amshike mkono.