Chumvi haizuii kanga kuchuja

"Kanga mpya nyekundu nikiiloweka kwenye maji ya chumvi, si naweza kuifua na shuka nyeupe?"

Hapana. Chumvi ina kazi yake kiwandani: pamba inapotiwa rangi, huisukuma rangi iliyo majini iingie kwenye nyuzi. Kanga ikishafika dukani, kazi hiyo imepita. Kinachochuja ni rangi ya ziada iliyobaki juu ya nyuzi bila kushika, na dawa yake ni kuitoa. Siki nayo husaidia rangi fulani za sufu na hariri, si pamba.

Kwa hiyo ifue peke yake kwa maji baridi na sabuni kidogo, uisuuze, kisha urudie hadi maji ya kusuuzia yabaki meupe. Usiiache imelowa ndani ya beseni usiku kucha, wala usiikunje mbichi, maana hapo rangi ya pindo huhamia kwenye mji wa kanga yenyewe. Ianike kivulini, imetandazwa.

Kabla ya kuichanganya na nguo nyingine, lowesha kona yake, weka kitambaa cheupe juu, upige pasi ya moto kiasi. Kitambaa kikipata wekundu, bado. Hata kikibaki safi, ifue na nguo nyeusi au za rangi iliyokoza. Kwa shuka nyeupe mimi nisingethubutu.

Shuka ikidakwa na rangi, usiianike wala kuipiga pasi. Ifue tena papo hapo, ikiwa bado mbichi.