Gesi ya siku 15 iliyokuwa ya siku 4

Katika kiwanda cha soda nilichokuwa nikisimamia ugavi, orodha ya wagavi ilipangwa kwa fedha tunazowalipa. Juu kabisa sukari, chini yake prifomu za chupa, kisha vizibo na lebo. Kaboni dioksaidi, ile gesi inayotia soda mapovu, ilikaa mstari wa 23. Kila kikao tulijadili mistari mitano ya kwanza, tukanywa chai, tukaondoka.

Kupanga kwa fedha kunaficha mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, David Simchi-Levi wa chuo cha MIT, Marekani, alifanya kazi na kampuni ya magari ya Ford kwa njia nyingine kabisa. Badala ya kuuliza uwezekano wa janga kumpata mgavi fulani ni asilimia ngapi, jambo ambalo hakuna anayelijua, waliuliza maswali mawili. La kwanza: mgavi huyu akisimama leo, kwa sababu yoyote ile, atachukua muda gani kurudi kwenye uwezo wake? Huo ndio muda wa kurejea. La pili: yeye akiwa amesimama, sisi tutaendelea kuwahudumia wateja kwa muda gani kabla hawajakosa bidhaa? Huo ni muda wa kuhimili. Muda wa kurejea ukizidi wa kuhimili, tofauti yake ni siku za rafu tupu. Ford waligundua kuwa baadhi ya wagavi waliokuwa wakilipwa fedha kidogo ndio ambao kusimama kwao kungeumiza zaidi.

Nilianza na gesi kwa sababu msimamizi wa stoo aliniambia kwa kujiamini, "Dada, gesi usiwaze, tangi ni la tani 30 na sisi tunatumia tani mbili kwa siku. Siku 15 hizo." Hesabu yake haina kosa, ila ni ya tangi lililojaa, na mgavi hachagui kusimama siku tangi limejaa.

Tukaenda kusimama mbele ya tangi, tukasoma geji. Boza la mgavi hubeba tani 20 na humimina mzigo wote kwa mkupuo. Tangi likiwa na zaidi ya tani 10, mzigo hauingii. Kwa hiyo kila mara boza linapotarajiwa getini, sisi tumebakiwa na tani 10 au pungufu. Saa hiyo ndiyo ya kupimia, kwa sababu boza lisipotokea ndipo shida inapoanzia. Tena tani 2 za chini hatuzigusi, maana presha ikishuka mno gesi haifiki kwenye mashine inavyotakiwa. Zinabaki tani 8, yaani siku 4.

Lakini muda wa kuhimili hauishii kwenye malighafi. Ghalani tulikuwa na soda zilizokwisha kufungwa za siku 5, nazo zinaendelea kuuzwa mitambo ikiwa imelala. Nne na tano, siku 9. Soda zilizo kwa mawakala sikuzihesabu, kwa sababu wakala akisikia kuna uhaba anaweza kuzifungia akisubiri bei ipande. Kisha nikapima Desemba, wakati matumizi ya gesi yanapanda hadi tani 3.2 kwa siku na ghala linabaki na soda za siku 2 tu. Tani 8 kwa 3.2 ni siku mbili na nusu. Jumla siku nne na nusu. Mgavi yule yule, tangi lile lile, na muda wa kuhimili umekatika nusu. Anayeandika tarakimu moja kwa mwaka mzima anajidanganya.

Upande wa kurejea ndiko kwenye kazi. Tulimtumia mgavi fomu, akajibu: siku 7. Sikuona uongo hapo. Mtu ukimuuliza "utachukua muda gani kupona" atakujibu kwa ugonjwa alioumwa mara ya mwisho, na yeye mara ya mwisho alisumbuliwa na umeme. Nikampigia meneja wao wa uzalishaji nikamuuliza kwa namna nyingine: "Kaka, kompresa kubwa ikifa kabisa kesho asubuhi, kinafuata nini?" Akaanza kuhesabu mwenyewe. Siku 2 kuifungua na kujua kilichokufa. Kipuri hakipo nchini, kuja kwa ndege siku 10. Forodha siku 3. Kufunga siku 2, kupima ubora wa gesi siku 1. Hapo alitaka kuishia. Nikamuuliza wateja wake wengine watakuwa wanasubiri au la. Akacheka. Foleni, siku 2, na barabarani hadi kwetu siku 2 nyingine. Tukajumlisha: siku 22.

Saa ya kurejea husimama gesi inapoingia kwenye tangi letu, si mtambo wake unapowaka. Fomu nyingi hupotosha hapo. Na pengo letu, siku 22 kutoa 9, likawa siku 13. Nililizidisha kwa faida ghafi ya soda kwa siku, nikalipeleka kwa mkuu wa fedha. Mstari wa 23 ulipanda hadi wa kwanza.

Jibu la haraka la kila mtu kikaoni lilikuwa: tafuteni mgavi wa pili. Sawa, lakini wa pili naye ana muda wake. Cheti cha gesi ya daraja la chakula kinapaswa kukaguliwa, mkataba usainiwe, na kuna jambo nililogundua tulipomwita fundi: mdomo wa mpira wa boza lao haukuingia kwenye tangi letu. Kipande cha chuma cha kuunganisha, kinachoshikika kwa mkono mmoja, kingetuchelewesha wiki nzima katikati ya dharura. Tulikichongesha mapema, tukamaliza ukaguzi na mkataba, na muda wa kurejea kupitia kwake ukawa siku 11.

Angalia pia asili ya gesi yenyewe. Kiangazi cha 2018 watengenezaji wa bia na soda Ulaya walipungukiwa na kaboni dioksaidi, Uingereza ikiumia zaidi, katikati ya Kombe la Dunia. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni zao la pembeni la viwanda vya amonia, na kadhaa vilikuwa vimefungwa kwa wakati mmoja, vingi kwa matengenezo. Aliyekuwa na wagavi wawili wanaochota kwenye chanzo kimoja alikuwa na mgavi mmoja mwenye ankara mbili. Wa kwetu wa pili nilimuuliza gesi yake inatoka wapi kabla sijamuuliza bei.

Badiliko la mwisho lilikuwa la mzigo. Tuliomba maboza ya tani 10 badala ya 20. Nauli kwa tani ilipanda, na mkuu wa fedha hakulipenda jambo hilo. Ila sasa boza linaweza kumimina tangi likiwa na tani 20. Toa 2 za chini, zinabaki 18, siku 9, na za ghalani 5: siku 14 dhidi ya 11. Pengo limezibika.

Desemba halijazibika. Tani 18 kwa 3.2 ni siku tano na nusu hivi, ongeza 2 za ghalani, haifiki siku 8. Kwa siku 3 na ushei zinazobaki hadi 11 tuliandika utaratibu wa gesi kwenda kwanza kwenye ladha mbili zinazotuingizia zaidi, na laini nyingine kuhamia maji ya chupa, yasiyohitaji gesi. Msimamizi wa stoo aliubandika ukutani kando ya geji, juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu: "Soma siku boza linapotarajiwa."