Jouli 1,050 hazipandishi umeme mdogo: dhana potofu kuhusu ekstensheni za kinga na stabilaiza

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, mteja anayetafuta kinga ya televisheni au friza huonyeshwa kwanza namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Chapa moja huandika jouli 1,050, nyingine VA 1000, na mteja huchagua iliyo kubwa zaidi. Mimi ni fundi umeme, na vifaa vingi vilivyoungua ninavyoletewa vilikuwa na kinga. Kasoro ni kwamba kinga hiyo ilitengenezwa kwa tatizo jingine.

Dhana: Jouli nyingi zaidi ndiyo kinga bora zaidi, umeme ukipanda au ukishuka.

Jouli hupima kiasi cha nishati ambacho vidonge vilivyomo ndani ya ekstensheni ya kinga vinaweza kumeza kabla ya kuharibika. Vidonge hivyo vimekusudiwa kukabili mshtuko wa muda mfupi mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni za sekunde, kama ule unaoletwa na radi iliyopiga mbali kidogo na laini. Umeme unaposhuka hadi volti 165 vidonge havifanyi lolote, kwa kuwa havina uwezo wa kuupandisha.

Hatari kubwa zaidi ni umeme kupanda na kubaki juu. Waya wa nyutro ukikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupokea volti zinazokaribia 400 kwa dakika nzima. Tuseme vidonge vinapitisha ampia 5 tu wakati huo: ampia 5 kwa volti 400 ni wati 2,000, yaani jouli 2,000 kila sekunde, kwa hiyo jouli 1,050 zote huisha katika muda unaozidi kidogo nusu sekunde. Hapo ndipo ekstensheni inapotoa harufu ya kuungua na plastiki yake kugeuka kahawia. Kinachofaa kwa hali hiyo ni kifaa kinachokata umeme, kama Sollatek AVS, ambacho hukata voltej inapovuka mipaka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Ieleweke kwamba nacho hakipandishi umeme mdogo, hukata tu.

Jouli za kwenye boksi mara nyingi ni jumla ya vidonge vyote, ingawa si vyote vinavyofanya kazi katika njia moja. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61643-11 hakipangi kinga kwa jouli. Tafuta alama `Up`, inayoonyesha voltej inayobaki kukifikia kifaa chako wakati wa mshtuko: kinga ya kV 1.2 ni bora kuliko ya kV 2. Chapa isiyoandika `Up` popote, mimi siinunui.

Dhana: Stabilaiza ya VA 1000 hubeba mzigo wa wati 1,000.

Mama mmoja wa Uyole anayeuza maziwa alinunua stabilaiza ya VA 1000 kwa friza yake ya wati 200, akiamini amezidisha mara tano. Kila jioni ilinguruma, kisha ikajizima. Nilipoigeuza nikakuta kibandiko kidogo nyuma kikisema wati 600, kwa kuwa VA ni volti mara ampia tu, na wati zinazobebwa huwa pungufu ya hapo. Mita yangu nayo ikasoma volti 165 kwenye soketi. Stabilaiza inapopandisha volti 165 kuwa 230 huvuta ampia nyingi zaidi kutoka ukutani, hivyo uwezo wake hupungua takriban kwa uwiano huohuo: 600 mara 165 gawanya kwa 230, ni kama wati 430. Friza ikiwa inaendelea kufanya kazi, kiasi hicho kinatosha. Lakini kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au zaidi ya mkondo wake wa kawaida, na kwa friza ile ni kama VA 1,400. Tulipoweka ya VA 3000, ambayo kwa volti 165 hubakiwa na takriban VA 2,150, mngurumo na kujizima vikakoma. Kabla ya kulipa, soma pia voltej ya chini inayopokelewa. Stabilaiza inayoanzia volti 180 isingemsaidia mama yule hata ingekuwa kubwa kiasi gani.

Dhana: Televisheni ya bei ghali lazima iwe na stabilaiza.

Soma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa `100-240V~`, televisheni yenyewe inastahimili umeme mdogo, na fedha ya stabilaiza ni afadhali inunue kifaa cha kukata na kinga yenye `Up` ndogo, kwenye soketi yenye ethi inayofanya kazi. Radi inapoanza kunguruma, chomoa plagi pamoja na waya wa dishi, kwa sababu mshtuko unaoingia kwa waya huo haupiti kwenye ekstensheni kabisa.