Mtumiaji mpya huishia wapi? Dhana potofu na ukweli kuhusu kurekodi matukio ya usajili

Programu ya simu ya kikundi cha kuweka na kukopa humtaka mwanachama mpya apite hatua kadhaa kabla hajaona akiba yake: aandike namba ya simu, apokee kodi ya uthibitisho kwa SMS na kuiingiza, aandike namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kisha aweke mchango wa kwanza. Kila hatua inapokamilika programu hutuma taarifa fupi iitwayo tukio, na matukio hayo yakipangwa kwa mfuatano huzaa faneli, yaani mchoro unaoonyesha ni wangapi walioingia katika hatua fulani na wangapi waliofika inayofuata. Mchoro huo unasomeka kwa urahisi mno, na kwa sababu hiyo wengi huusoma vibaya. Hesabu nitakazotumia hapa ni za mfano, nimezipanga ili ziweze kufuatwa bila taabu.

Dhana: Hatua yenye anguko kubwa ndiyo yenye kasoro, hivyo skrini yake ibadilishwe.

Ukweli ni kwamba kuacha hakurekodiwi popote. Mtu anayekata tamaa katikati ya usajili haagi. Huiweka simu chini tu. Kinachobaki mkononi mwetu ni tukio la mwisho lililofika kutoka kwake, na kati ya tukio hilo na lile lililotarajiwa kufuata huweza kujificha sababu nne au tano zisizohusiana kabisa.

Tuchukulie kwamba watu 1,000 wamefungua usajili na tukio `signup_started` limerekodiwa kwa kila mmoja. Kati yao 820 wameomba kodi, `otp_requested`, lakini ni 510 tu waliothibitishwa, `otp_verified`. Watu 310 wamepotea mahali pamoja, na pendekezo la kwanza kikaoni huwa ni kukuza visanduku vya kuandikia kodi au kubadilisha rangi ya kitufe. Kabla ya kugusa skrini yoyote, pengo hilo linapaswa kugawanywa kwa matukio ya kati: seva imekabidhi ujumbe kwa kampuni inayosafirisha SMS, ripoti ya kupokelewa imerudi, mtumiaji ameandika kodi, kodi imekataliwa na kwa sababu gani. Tukio la kukataliwa linaweza kuandikwa hivi:

```json
{
  "event": "otp_failed",
  "install_id": "a81f07",
  "attempt": 2,
  "reason": "expired",
  "app_version": "3.4.1"
}
```

Matukio haya yakishakuwapo, wale 310 hawabaki kundi moja. Tuseme 95 hawakupata ujumbe kabisa, 60 waliandika kodi ikakataliwa kwa kuwa muda wake umekwisha, 25 wamenyamaza bila dalili yoyote, na 130 walipokea ujumbe lakini hawakuandika chochote; badala yake, dakika moja au mbili baadaye, usajili ulianza upya kwenye simu ileile.

Kundi hilo la 130 ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu hawa hawakuacha kwa hiari yao. Mtu ametoka kwenye programu ili akasome SMS. Simu yake ina kumbukumbu ndogo, na mfumo wa Android, ukihitaji nafasi, huweza kuifunga programu iliyo nyuma bila kumjulisha. Anaporudi na kodi kichwani, programu inafunguka kwenye skrini ya kwanza na kumwomba namba ya simu kana kwamba hajawahi kuiandika. Wengine hujaribu tena mara moja kisha huchoka. Alama ya hali hii inatambulika: `signup_started` inajirudia kwa `install_id` ileile, yaani utambulisho wa programu iliyowekwa kwenye simu hiyo, muda mfupi baada ya `otp_requested`, na katikati hakuna jaribio lolote la kuandika kodi. Ukiona alama hiyo imejazana kwenye simu za kumbukumbu ndogo na kukosekana kwenye simu za kumbukumbu kubwa, umeshapata chanzo. Tiba yake ni kuhifadhi hatua aliyofikia mtumiaji ili akirudi akute skrini ya kodi, au kutumia SMS Retriever API, ambayo huiwezesha programu kupokea kodi yenyewe bila mtu kutoka na bila kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wake mwingine, mradi SMS iwe na alama ya herufi 11 inayoitambulisha programu hiyo. Rangi ya kitufe isingemsaidia hata mmoja wa watu hawa. Zingatia pia kwamba mianzo hiyo ya pili ingeongezwa kwenye wale 1,000 kama tungehesabu matukio badala ya watu, na faneli ingeonekana mbaya zaidi kuliko ilivyo.

Wale 60 wanahitaji kipimo cha muda. Ikiwa kodi inaishi dakika mbili na ripoti za kupokelewa zinaonyesha kwamba kwao ujumbe ulifika baada ya dakika tatu, mtumiaji hana kosa lolote, na kuongeza uhai wa kodi kunatosha. Kwa wale 95 swali ni la mtandao, na hapo ni vizuri kujihadhari na njia ya mkato ya kukisia kampuni ya simu kwa tarakimu za mwanzo za namba. Tanzania inaruhusu mteja kuhama kampuni na namba yake tangu 2017, kwa hiyo tarakimu hizo hazithibitishi yuko mtandao upi. Jina la mtandao lichukuliwe kutoka kwenye jibu la anayesafirisha ujumbe. Jibu lenyewe lisomwe kwa makini, kwa kuwa wasafirishaji wengine huripoti kwamba ujumbe umepokelewa wakimaanisha kwamba wao wameupokea, wakati simu ya mteja bado haijaupata.

Dhana: Kilichoonekana kwenye dashibodi ndicho kilichotokea kwenye simu.

Tukio linalorekodiwa ndani ya simu lina safari yake. Firebase, huduma ya Google ya kurekodi matukio ya programu, kwa mfano, hukusanya matukio kwenye simu kwa muda wa takriban saa moja kabla ya kuyapakia kwa pamoja, ili kuokoa betri na bando. Mtu aliyekwama kwenye kodi, akakasirika na kuifuta programu ndani ya dakika kumi, anaweza kuondoka na matukio yake yote. Maana yake ni kwamba wanaokosekana kwenye hesabu si mchanganyiko wa watu wowote tu. Aghalabu ni wale wenye mtandao dhaifu na waliokatishwa tamaa mapema, yaani haohao tunaowatafuta.

Njia ya kulijua pengo hili ni kulinganisha hesabu mbili za jambo moja. Seva inajua kwa hakika ilitengenezea kodi simu ngapi. Ikiwa seva ina simu 860 na dashibodi ina `otp_requested` za simu 820, 40 zimepotea njiani. Pengo linalobaki lilelile wiki baada ya wiki linaweza kuvumiliwa, lakini likipanuka ghafla baada ya toleo jipya, anza kwa kukagua msimbo unaotuma matukio kabla hujawashuku watumiaji. Kwa sababu hiyo, hatua ambazo seva inazishuhudia yenyewe, kama kuthibitishwa kwa kodi na kuingia kwa mchango, ni bora zirekodiwe na seva, na simu iachiwe yale ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyaona: skrini iliyofunguliwa, kosa lililoonyeshwa, kitufe cha kurudi nyuma.

Mchanganyiko huo nao una mtego wake. Saa ya simu yenye tarehe isiyo sahihi inaweza kuonyesha kwamba mtu aliomba kodi saa tatu baada ya kuthibitishwa, na faneli inayodai mfuatano mkali itamtupa nje ingawa alimaliza salama. Kila tukio la simu lipelekwe pamoja na saa ya kutumwa kwa mujibu wa simu, ili seva iilinganishe na saa yake ya kupokea na kurekebisha tofauti.

Dhana: Asiyemaliza leo ameacha.

Hatua ya NIDA inaikanusha dhana hii vizuri kuliko nyingine zote. Namba hiyo ina tarakimu 20, na ni wachache wanaoikariri. Mtu anayejisajili akiwa kazini, huku kitambulisho kiko nyumbani, atafunga programu na kuendelea jioni au kesho yake. Faneli iliyowekewa dirisha la saa moja itamhesabu kuwa amepotea. Iliyowekewa siku saba itamwona amemaliza. Kwa hiyo kabla ya kuchagua dirisha, chora kwanza mgawanyo wa muda ambao waliomaliza walitumia kati ya `otp_verified` na `id_submitted`. Ukikuta mafungu mawili, moja la dakika chache na jingine la saa kadhaa hadi siku mbili, umewaona wenye kitambulisho mfukoni na waliolazimika kukifuata, na kwa hawa wa pili ujumbe wa kuwakumbusha jioni una maana zaidi kuliko kuboresha skrini.

Jambo hilohilo huharibu ulinganisho wa kabla na baada ya marekebisho. Waliojiunga wiki iliyopita wamepata siku nyingi za kumaliza, ilhali waliojiunga jana wamepata moja. Ukiwaweka kwenye chati moja, toleo jipya litaonekana baya hata kama ni zuri. Linganisha makundi ambayo kila mmoja ndani yake ameshapata siku saba kamili, na usitoe hukumu kabla ya hapo, hata kama wakubwa wanadai jibu Ijumaa.

Dhana: Turekodi kila mbonyezo, tutachambua baadaye.

Orodha yenye `button_click_14` na `button_click_15` haina atakayeielewa baada ya miezi mitatu, akiwamo aliyeiandika. Matukio machache yenye majina ya wazi na vigezo kama `reason` na `attempt` yanatosha kwa usajili wa hatua nne.

Dhana: Ili kujua alikosea wapi, lazima tuhifadhi alichoandika.

Hoja hii hutolewa kwa nia njema, hasa pale namba za NIDA zinapokataliwa kwa wingi. Lakini namba ya kitambulisho na namba ya simu ni taarifa binafsi, zinazolindwa Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya na sheria ya mwaka 2019, na Google nayo hairuhusu taarifa zinazomtambulisha mtu zipelekwe kwenye huduma yake ya uchanganuzi. Wala hazihitajiki. Programu yenyewe inaweza kulikagua kosa ndani ya simu na kutuma aina yake peke yake: `id_rejected` yenye `reason` ya `too_short`, `letters` au `has_dashes`. Hii ya mwisho huwa na majibu mengi, kwa kuwa namba ya NIDA imezoeleka kuandikwa ikiwa na vistari kati ya mafungu yake, na mtu huinakili kama anavyoiona. Kisanduku kinachokubali tarakimu tupu humrudishia kosa ambalo hakulifanya, wakati mstari mmoja wa msimbo ungeviondoa vistari hivyo kabla ya kuhesabu tarakimu.