Mbao za Sakafu: Kukadiria Idadi kwa Kuzingatia Mwelekeo, Masalia na Nafasi ya Kutanukia

Mtu anayenunua mbao za sakafu mara nyingi hufika dukani akiwa na kipimo kimoja tu, yaani eneo la chumba kwa mita za mraba, kisha huongezewa asilimia 10 ya tahadhari na kuandikiwa idadi. Hesabu ya namna hiyo haielezi mbao zitalazwa kuelekea upande gani, wala haielezi sakafu itatanukia wapi masika yakifika. Katika makala haya tunakokotoa chumba kimoja kuanzia mwanzo, ili msomaji aweze kufuata njia hiyo hiyo akiwa na vipimo vya chumba chake.

Tuchukue chumba cha nyumba iliyoko Tanga, chenye urefu wa mita 4.8 na upana wa mita 3.3. Mbao ni za mtiki, mti ambao pia huitwa msaji na ambao hupandwa katika mashamba ya Longuza na Mtibwa. Kila ubao una urefu wa mita 1.8, na upana wake ni milimita 97 ukipimwa pamoja na ulimi. Ulimi huo wa milimita 7 huingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani, kwa hiyo sehemu inayofunika sakafu ni milimita 90 tu. Mbao zitapigiliwa juu ya mataruma, yaani boriti ndogo za kubebea sakafu, yaliyofungwa kwenye zege.

Uamuzi wa kwanza ni mwelekeo. Ikiwa mataruma yamekwisha kuwekwa, hakuna cha kuchagua, kwa sababu ubao lazima uyakatize ili uzito wa mtu ubebwe na taruma zaidi ya moja. Pale ambapo mataruma bado hayajawekwa, tunapendekeza mbao zifuate urefu wa chumba, na sababu yake kubwa ni tabia ya mbao yenyewe. Ubao ukipata unyevu hutanuka kwa upana, ilhali kwa urefu badiliko ni dogo kiasi kwamba halionekani kwa macho. Kwa mtiki uliopasuliwa kwa ubapa, upana hubadilika kwa takribani asilimia 0.2 kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayoongezeka ndani ya ubao. Uliopasuliwa kuelekea kiini cha gogo hubadilika kwa karibu nusu ya kiasi hicho, lakini katika shehena moja aina zote mbili huchanganyika, kwa hiyo ni salama kutumia kipimo kikubwa.

Chumba kinachofungwa na kuwashiwa kiyoyozi kinaweza kushusha unyevu wa mbao hadi karibu asilimia 11, na madirisha yakiachwa wazi wakati wa masika unyevu huo unaweza kupanda hadi asilimia 14. Badiliko hilo la asilimia 3, likizidishwa kwa 0.2 na kwa upana wa milimita 3,300, linatupa karibu milimita 20. Misumari huzuia sehemu ya mwendo huo, lakini si vyema kuitegemea. Kwa hiyo tunaacha milimita 12 kila upande, jumla 24. Kama mbao zingelazwa kwa kukatiza chumba, mwendo wote ungejikusanya kwenye ule upande wa mita 4.8 na kufikia milimita 29, na nafasi ya kila upande ingepaswa kuwa 15. Ubao wa pembezoni unaofunika nafasi hiyo, ule ambao mafundi huuita skating, ukiwa na unene wa milimita 18 ungebaki ukiifunika kwa shida sana, hasa mahali ambapo ukuta haukunyooka.

Sasa tuhesabu safu. Upana wa chumba ukitoa nafasi mbili ni milimita 3,276. Ukigawa kwa 90 unapata safu 36 nzima na kipande cha milimita 36. Fundi akianza na ubao mzima, atamaliza na kijiti hicho cha milimita 36 kando ya ukuta, ambacho hupasuka kwa urahisi kikipigiliwa na huonyesha wazi ukuta ulivyopinda. Dawa yake ni kujumlisha ubao mmoja mzima na kipande hicho, yaani 90 na 36, kisha kugawa kwa mbili. Safu ya kwanza na ya mwisho zitachanwa ziwe na milimita 63 kila moja, na katikati zitabaki safu 35 nzima. Jumla ni safu 37.

Urefu wa kila safu, tukiacha milimita 12 kila mwisho, ni milimita 4,776. Safu ya kwanza inachukua mbao mbili nzima na kipande cha 1,176, na katika ubao huo wa tatu yanabaki masalia ya 624. Masalia hayo hayatupwi, bali ndiyo yanayoanzisha safu ya pili, ule mwisho uliokatwa ukielekezwa ukutani. Yakifuatwa na mbao mbili nzima, safu ya pili itahitaji kipande cha 552 na kuacha masalia ya 1,248. Hayo yanaanzisha safu ya tatu, ambayo inamalizika kwa ubao mmoja mzima na kipande cha 1,728. Kinachobaki ni kijiti cha milimita 72, na ndicho pekee kinachotupwa. Upana wa msumeno, ambao hula kama milimita 3 kila unapokata, unafidiwa humo humo. Safu ya nne inaanza upya kama ya kwanza. Maungio ya safu jirani yanapishana kwa milimita 550 au zaidi, na hilo ni jambo jema, kwani hatupendi yapishane kwa chini ya sentimita 30.

Safu tatu zimetumia mbao 8. Safu 36 zitahitaji mbao 96, na ile ya 37 inaongeza 3, hivyo jumla ni mbao 99. Kwa kuwa utaratibu wenyewe hauachi masalia mengi, asilimia 5 inatosha kwa ajili ya mbao zenye fundo bovu au ulimi uliovunjika, na tunaagiza mbao 104.

Hapa ndipo linapojitokeza kosa tunalokutana nalo mara kwa mara. Eneo la chumba ni mita za mraba 15.84, na likiongezwa asilimia 10 linakuwa 17.42. Muuzaji akigawa kwa upana wa milimita 97, yaani pamoja na ulimi, anapata mbao 100. Mnunuzi anaamini amejihakikishia asilimia 10 ya ziada, kumbe karibu yote imemezwa na ulimi, na amebakiwa na ubao mmoja tu wa akiba. Uliza daima upana unaofunika.

Kabla ya kukata ubao wowote, pima upana wa chumba mahali patatu. Ikiwa upande mmoja ni mita 3.30 na mwingine 3.285, tofauti hiyo ya milimita 15 iingie kwenye mchano wa safu ya mwisho, kamwe isiingie kwenye nafasi ya kutanukia.

Nafasi hiyo huharibiwa zaidi baada ya kazi kuliko wakati wa kazi: kabari zilizotumika kushikilia safu ya kwanza husahaulika humo, mpiga plasta huijaza saruji, na mara nyingi husahaulika kabisa kuzunguka miimo ya milango. Skating nayo ipigiliwe ukutani, wala isipigiliwe kwenye sakafu. Sakafu iliyobanwa huinuka katikati, hutoa sauti ya uwazi ikigongwa, na hubonyea chini ya mguu. Ukiona hivyo, ng'oa skating ya upande ulio sambamba na mbao na utazame: ubao ukiwa umegusa ukuta, fundi achane ukingo wake hadi nafasi irudi, kisha sakafu iachwe majuma kadhaa ilale yenyewe kabla ya kupigilia tena.