Lami isiyo na alama ya breki inasema nini?

"Watu wa bima wanataka niwaandikie maelezo ya ajali ya Fuso na bodaboda hapa Pongwe. Sikuwepo, nina picha nne tu nilizotumiwa. Barabarani hakuna alama hata moja ya matairi, sasa kwa nini nimeambiwa nisiandike kwamba dereva wa Fuso hakushika breki? Tena wanauliza kama bodaboda alikuwa amewasha taa."

Kwa sababu ile michirizi myeusi haichorwi na breki. Inachorwa na tairi lililoacha kuzunguka wakati gari bado linakwenda. Breki inaweza kukanyagwa hadi mwisho, gari likapunguza mwendo vizuri kabisa, na lami ikabaki safi kama haikuguswa.

Fikiria kifutio cha duara juu ya karatasi. Ukikiviringisha, hakiachi kitu, maana kila sehemu ya mpira inagusa karatasi mara moja na kuondoka. Ukikibana kisizunguke na kukiburuza, sehemu ile ile moja inasuguliwa mfululizo, inapata joto, inachubuka na kuacha uchafu nyuma yake. Sasa jaribu hali ya katikati: kiviringishe huku kidole kimekizuia kidogo. Kinakuwa kizito, mkono unahisi kinavyokataa kwenda, lakini uchafu ni mdogo sana, pengine usiuone. Tairi linalofungwa breki lakini halijagoma, yaani halijaacha kuzunguka, liko katika hali hiyo ya tatu, na cha ajabu ni kwamba hapo ndipo linaposhika lami vizuri zaidi: linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa gari, kwa tofauti ya kama asilimia 10 hadi 20. Likigoma kabisa linateleza, na mshiko unapungua. Kwa maneno mengine, mchirizi mweusi wa kutisha mara nyingi ni alama ya breki isiyofanya kazi kwa ubora wake.

Magari yenye ABS, ule mfumo ambao taa yake huwaka kwenye dashibodi mara unapowasha gari, yametengenezwa makusudi ili tairi lisigome. Yanaweza kuacha kivuli hafifu tu, au yasiache chochote. Na lori lisilo na mfumo huo lina kioja chake. Likiwa tupu, matairi ya nyuma hugoma upesi kwa kuwa hakuna uzito wa kuyakandamiza. Likiwa limejaa, uzito unayashikilia chini, na huenda breki zisiwe na nguvu ya kuyagomesha hata dereva akikanyaga kwa miguu miwili. Kwa hiyo Fuso lililosheheni saruji linaweza kufunga breki kali bila kuchora chochote, na lile lile likirudi tupu likachora mistari miwili mirefu kwa sababu ndogo tu.

Tena kuna suala la muda. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja au moja na nusu kuona hatari na kuhamisha mguu, ameshapita mita 17 hadi 25 kabla breki haijaanza kazi. Lami safi basi inaweza kumaanisha kwamba hakushika breki, au alishika bila tairi kugoma, au hakupata nafasi ya kushika. Picha haichagui kati ya hayo matatu, nawe usiichagulie.

Sasa tuzipitie hizo picha, kwa jinsi ulivyozieleza. Ya kwanza imepigwa nyuma ya Fuso, nalo limesimama huku tairi la mbele la kulia likiwa limevuka mstari wa katikati. Hapa mkono unawasha kuandika "Fuso lilihama upande wake". Lakini picha inaonyesha liliposimama tu. Huenda lilihama kabla ya kugongana. Huenda dereva alikata usukani kumkwepa mtu, au lilivuka baada ya kugongana, au lilisogezwa kupisha mabasi kabla mpiga picha hajafika. Mahali gari lilipolala na mahali lilipogongana ni vitu viwili, na kuvichanganya ndilo kosa linaloharibu maelezo mengi kuliko lolote jingine.

Mahali pa kugongana panatafutwa chini. Kitu cha kuaminika zaidi ni chimbo au mkwaruzo mpya wa chuma kwenye lami, kisha madonge ya udongo mkavu yaliyodondoka kutoka chini ya madigadi kwa mshtuko. Vioo vinashawishi kwa kung'aa kwake, lakini huruka mbele kufuata mwendo wa gari, halafu watu na magari huvisambaza. Katika picha yako ya nne vioo viko karibu na kingo ya kushoto ya barabara. Andika hivyo hivyo. Usiandike kwamba waligongania hapo.

Kuhusu mwendo, kama ungekuwa na alama ya mburuzo wa tairi ya mita 20, hesabu ya kawaida ingeleta kama kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu, na kama 48 kwenye lami iliyolowa. Hicho ni kiwango cha chini, kwa kuwa gari linaweza kuwa bado na mwendo lilipogonga. Bila mburuzo hesabu hiyo haina pa kuanzia, na bampa iliyokunjika haikupi namba kwa kuitazama kwenye simu. Kwa hiyo neno "kasi" liondoke kabisa kwenye karatasi yako.

Kinachobaki ni kifupi, lakini hakimpi mtu nafasi ya kukubana:

"Sikuwepo wakati wa ajali. Maelezo haya yanatokana na picha nne nilizotumiwa kwa simu. Sijui zilipigwa saa ngapi, wala kama magari yalikuwa yamesogezwa. Katika picha ya 1, Fuso limesimama, tairi la mbele la kulia likiwa ng'ambo ya mstari wa katikati. Kwenye lami inayoonekana nyuma yake sioni alama nyeusi za matairi. Lami iliyo chini na mbele ya gari haionekani. Mzigo umefunikwa turubai, na kilichomo hakionekani."

Angalia tofauti kati ya "sioni alama" na "hakuna alama". Kivuli hafifu cha tairi huonekana ukiinama na kuitazama barabara kwa urefu wake. Ukikipiga kutoka juu, au jua likiwa la utosi, kinapotea. Ukitaka kuweka dhana, iweke kwenye aya yake mwisho, ianze na "Nadhani", na useme imetoka kwenye picha ipi.

Saa ya kupigwa inaweza kupatikana. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha, taarifa za saa na mahali hufutwa. Mwombe aliyepiga akutumie zile za asili kama faili.

Na lile swali la kama bodaboda alikuwa amewasha taa, picha ya taa iliyovunjika haikujibu, ila glopu yenyewe inaweza. Waya wa ndani ukiwa wa moto wakati wa mshtuko hurefuka na kupinda kama uzi uliolegea. Ukiwa baridi hukatika mkavu, au hubaki ulivyo. Kioo chake kikipasuka waya ukiwa unawaka, hushika unga mweupe au wa manjano. Taa za LED hazina waya huo, basi hapo ujanja unakwisha. Lakini kama pikipiki ile ina glopu ya kawaida, mtu asiiwashe kuijaribu, wala fundi asiibadilishe kabla mkaguzi hajaitazama.